Mazungumzo Yasikatike: Vidokezo 5 vya Mada ya Barua Pepe

Kamati ya shule inajadiliana kwa barua pepe yenye mada "Ukarabati wa paa". Majibu yamefika tisa, na katika Gmail yote yamepangwa pamoja kwenye mstari mmoja. Katibu anaona watu wanachelewa, anajibu barua ya mwisho, lakini anabadili mada kuwa "Ukarabati wa paa – HARAKA". Papo hapo yanazaliwa mazungumzo ya pili. Mhazini anaidhinisha bei ya fundi kule kwenye ya zamani, huku mwenyekiti akiendelea kuulizia bei hiyo hiyo kwenye mapya. Haya yanaepukika.

1. Jua kinachounganisha barua

Kila barua pepe hubeba namba yake ya utambulisho, nawe huioni. Ukibonyeza Jibu, programu yako huandika namba ya barua unayoijibu ndani ya jibu lako. Jibu la mhazini kwa barua ya kwanza lingekuwa na mistari kama hii:

```
Subject: Re: Ukarabati wa paa
Message-ID: <b2@shule.example>
In-Reply-To: <a1@shule.example>
References: <a1@shule.example>
```

Gmail huangalia namba hizo pamoja na mada. Namba zikilingana lakini mada ikawa tofauti, inaanzisha mazungumzo mapya. Hiyo "Re:" ya mwanzoni haina madhara, kwa sababu haihesabiwi kuwa sehemu ya mada.

2. Jambo likiwa lile lile, usiguse mada

Neno moja tu, kama "HARAKA", "MPYA" au tarehe ya kikao, linatosha kukata mazungumzo. Ukitaka watu wawahi, liandike neno hilo kwenye sentensi ya kwanza ya barua: "Haraka: tunahitaji jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana." Gmail ya kwenye kompyuta huficha mada unapojibu, na hilo linasaidia. Kwenye simu mada iko wazi juu ya ujumbe, kwa hiyo kuwa mwangalifu zaidi.

3. Jambo likiwa jipya, anza barua mpya

Wengi hufungua barua ya zamani ili wapate anwani za wanakamati, wanabonyeza Jibu Wote, wanafuta mada na kuandika "Mahafali ya darasa la saba". Kwa anayetumia Gmail, barua hiyo itajitenga. Lakini Thunderbird hufuata zaidi zile namba zilizofichika, na jibu lako bado linabeba namba za barua ya paa. Kwa mwanakamati aliyezipanga barua zake kwa mazungumzo, habari ya mahafali itaonekana chini ya ukarabati wa paa, na huenda asiifungue kabisa. Nakili anwani, kisha andika barua mpya kabisa. Hapo hakuna namba ya zamani inayobebwa, na kila programu itaipanga mahali pake.

4. Yakikatika, tafuta sababu kwanza

Katika Gmail ya kwenye kompyuta, fungua barua iliyojitenga, bonyeza vitone vitatu vilivyo kando ya alama ya kujibu, kisha chagua `Show original`. Tafuta mstari wa `In-Reply-To`. Ukiwepo, na namba yake ni ya barua iliyomo kwenye mazungumzo ya zamani, basi mwandishi alijibu kweli ila mada ilibadilika. Usipokuwepo, yaelekea alianza barua mpya badala ya kujibu. Kumbuka pia kwamba Gmail huanzisha mazungumzo mengine yakizidi barua 100, hata kama hakuna aliyegusa mada.

5. Chagua pa kuendelea, kisha watangazie wote

Gmail haina kitufe cha kuunganisha mazungumzo mawili yaliyokwisha kutengana. Kurudisha mada ya zamani kwenye jibu linalofuata hakuziondoi barua zilizokwisha kutawanyika. Kwa kamati yetu, katibu arudi kwenye "Ukarabati wa paa", ajibu wote, na aweke humo muhtasari wa pande zote mbili: bei iliyoidhinishwa, jina la aliyeidhinisha, na swali lililobaki. Kisha aandike kwenye yale ya HARAKA: "Tafadhali tuendelee kwenye barua yenye mada 'Ukarabati wa paa'. Muhtasari nimeuweka huko." Afanye hivyo mapema. Kila jibu linaloingia upande usio wake ni uamuzi ambao nusu ya kamati haitauona, na fundi hawezi kupanda juu ya paa kabla mhazini na mwenyekiti hawajasoma bei ile ile.