Umesasisha Simu, Sasa Unataka Toleo la Zamani

Samsung yako imekuwa nzito baada ya kusasishwa, na fundi wa Rulenge au Nyakanazi anasema atakurudishia toleo la zamani. Kabla hujamlipa, piga *#1234# kwenye simu hiyo. Haikati salio. Tafuta mstari unaoanza na BL. Tuseme ni Galaxy A12 na umeona hivi:

```
BL: A125FXXU3CWB1
```

Hesabu kutoka kulia. Alama ya tano ni 3, na mafundi huiita biti. Toleo lolote la simu hiyo lenye biti 3 linaweza kuingia, hata likiwa la miezi mingi nyuma. Lenye 2 au 1 litakataliwa.

Kwa nini likataliwe? Ndani ya chipu mna fyuzi ndogo mno. Sasisho linalopandisha biti huunguza mojawapo, na ikishaungua haiungiki tena. Simu ikiwaka, hulinganisha biti ya programu na hesabu ya fyuzi hizo. Kufuta kila kitu na kuirudisha simu kama mpya nako hakusaidii: utapoteza picha na namba zako, toleo libaki lilelile.

Utauliza, kwani toleo la zamani si la Samsung wenyewe? Ni lao, na saini yake ni halali. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwizi angeweza kuweka toleo hilo halali ambalo lina tundu lililokwisha kuzibwa kwenye toleo jipya, akapitia hapo kuvunja kufuli.

Fundi akilazimisha, programu ya Odin kwenye kompyuta yake huandika FAIL, na kioo cha simu huonyesha maneno yanayofanana na haya:

```
SW REV CHECK FAIL : DEVICE: 3, BINARY: 2
```

Maana yake simu iko 3, faili ni la 2. Maandishi hayo peke yake si ushahidi kwamba simu imekufa, kwa hiyo usikubali haraka kuuziwa ubao mpya. Mwambie aweke toleo kamili lenye biti 3. Kwa Redmi, kuwa mwangalifu zaidi: mwaka 2018 baadhi ya Redmi Note 5 zilizorudishwa nyuma zilizimika moja kwa moja.

Hata biti zikilingana, kushuka toleo hufuta data, basi nakili picha na namba kwanza. Faili lina ukubwa wa GB kadhaa. Kubalianeni mapema nani analipia bando. Na simu iliyotumika iliyopitia Rusumo au Kabanga, piga *#1234# uone biti yake kabla ya kuinunua.

Fundi akiahidi kuishusha biti yenyewe, chukua simu yako uondoke. Biti haishuki mpaka ubadilishe ubao.