RAMADHANI, SIKU YA 12: Mtoto aliyeitwa mzito



Ndugu zangu, wazazi na walimu wenzangu wa vyuo. Leo nawaletea hadithi fupi. Ni ya kutunga, kwa hiyo msiwatafute wahusika mtaani, lakini kila kilichomo ndani yake kinatokea katika madrasa zetu. Isomeni mpaka mwisho, maana mbele kuna jambo la kufanya nyumbani.

Tumwite mtoto huyo Hamisi. Ana miaka 8. Amekaa chuoni mwaka na nusu na bado amekwama kwenye sura fupi za Juzuu Amma. Mdogo wake wa miaka 6 ameshampita. Chuoni wanasema ana kichwa kizito, nyumbani wanasema ni mvivu, na wenzake wana majina yao mengine. Mwishowe akahamishiwa mkeka wa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili asiwacheleweshe wengine. Kelele zote za barabarani zikawa zake.

Mwezi wa Shaabani akaja ustadha mpya kusaidia kufundisha. Hakuja na dawa wala kifaa chochote. Alikuwa na tabia moja tu: akiona kosa, haliandiki kama alama ya kukosa, anauliza limetokea wapi.

Kitu cha kwanza alichokiona ni daftari. Hamisi akinakili kutoka ubaoni, hati yake ni nzuri kuliko ya wote, na hata nukta moja haipotei. Lakini ikifika imla, yaani mwalimu anasoma na wao wanaandika, kila kitu kinaharibika. Panapotakiwa sin anaandika tha. Panapotakiwa tha anaandika fa.

Sasa hapa tusimame kidogo, maana ndipo fundisho lilipo. Mtoto anayechanganya kwa macho huchanganya herufi zinazofanana umbo: ba na ta, jim na kha. Hamisi hakuwahi kuchanganya hizo hata siku moja. Yeye alichanganya sin na fa, ambazo kwa umbo hazifanani kabisa. Zinafanana kwa sauti. Zote ni za pumzi nyembamba, hazina kishindo. Basi tatizo haliko kwenye kichwa kinachopokea, liko kwenye mlango unaopitisha. Mtoto ambaye akili yake kweli inakwenda taratibu, kwa kawaida utamwona taratibu kwa njia zote mbili, ya macho na ya masikio. Huyu alikuwa hodari kwa njia moja na dhaifu kwa nyingine.

Ustadha akaanza kumfuatilia. Wakisoma kwa pamoja, Hamisi anaanza nusu neno nyuma ya wenzake, na macho yake hayako kwenye msahafu, yako kwenye midomo ya jirani. Mvua ikipiga bati, siku hiyo hasomi kitu. Akiwa na mafua, ni hivyo hivyo kwa wiki nzima. Siku moja akaambiwa, "Leta kitabu," akaleta kikapu. Watoto wakaangua kicheko, ustadha hakucheka. Aliyatamka maneno yale mawili polepole moyoni: kitabu, kikapu. Irabu zake ni zilezile, i, a, u. Kilichopotea ni konsonanti tu.

Jioni akaenda kwa mama yake.

"Mama Hamisi, mtoto anasikia vizuri?"

"Anasikia sana tu, mwalimu! Nikimwita kutoka uani anaitika. Tena ukitaja soda ndiyo kabisa."

Jamani, jibu hili ndilo linalotupoteza wengi. Kutosikia si lazima kuwe kiziwi. Sauti ya kuita jina ni kubwa, na irabu zake zina nguvu, kwa hiyo inafika. Lakini s, f, th, t na k ni sauti dhaifu, na ndizo zinazotofautisha neno na neno. Ziba masikio yako kwa vidole, halafu mwambie mtu azungumze kawaida akiwa ng'ambo ya chumba. Utajua kuwa anaongea, lakini hutakuwa na uhakika amesema nini. Mtoto anayeishi hivyo hajui kwamba wenzake wanasikia zaidi yake. Anadhani na yeye ni mzito, kama anavyoambiwa.

Ustadha akauliza swali la pili: "Sikio liliwahi kutoa usaha?"

"La kushoto hilo, tangu mdogo. Akipata mafua linatoka, likikauka tunasahau. Huwa namtilia mafuta ya nazi."

Kesho yake, watoto walipoondoka, akamfanyia kipimo kidogo. Nakieleza ili na wewe ukiweze. Chagua pahali patulivu. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, asikuone mdomo. Mwambie azibe sikio moja kwa kukibonyeza kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu, huku akikisugua taratibu. Toa pumzi kwanza, kisha nong'ona maneno matatu, na yeye ayarudie. Tumia maneno yenye irabu moja, kama paka, kaka, taka, ili asiweze kubahatisha. Akikosa, mpe mengine matatu. Katika yote sita, akikosa zaidi ya nusu, apelekwe hospitali. Kisha pima sikio la pili. Na mpime pia mtoto mwingine ambaye huna shaka naye, ili ujue mnong'ono wako si mdogo mno.

Hamisi, kwa sikio la kulia, alipata manne. Kwa la kushoto hakupata hata moja. Aligeuka akauliza, "Ustadha, umeshaanza?"

Tuelewane: kipimo hiki hakitoi jina la ugonjwa, na upungufu mdogo unaweza kupita bila kuonekana. Mtoto akifaulu lakini dalili zinaendelea, mpeleke vilevile.

Hospitali ya wilaya, mganga akaangalia kwa kile kifaa chenye taa. Sikio la kushoto, ngoma yake ilikuwa imetoboka, na ndani mna usaha. Usaha ukitoka wiki mbili au zaidi, huo si wa kusubiri ukauke wenyewe, ni ugonjwa sugu. Sikio la kulia halikuwa na usaha, ila nyuma ya ngoma kulikuwa na majimaji. Haya huja baada ya mafua, hayaumi, na kwa watoto wengi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Lakini yakiwepo, ngoma haitikisiki vizuri na sauti inafifia. Ndiyo maana Hamisi alikuwa na siku nzuri na siku mbaya, na watu wakasema, "Akitaka anaweza."

Akapewa dawa ya matone, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Kabla ya kutia, mama alifundishwa kukausha usaha: unasokota kitambaa safi laini au pamba, unaweka mlangoni mwa sikio mpaka inyonye, unabadilisha mpaka itoke kavu. Kama huna subira ya kukausha, dawa itaelea juu ya usaha na haitafika. Akakatazwa mafuta, vijiti vya pamba, na maji kuingia sikioni. Akioga, aweke pamba iliyopakwa vaselini. Kuogelea baharini kungoje. Na kwenye udhu, masikio yanapanguswa kwa vidole vyenye unyevu tu, hayamwagiwi maji.

Mama akauliza swali ambalo najua na nyinyi mnalo: "Ramadhani inaingia, na Hamisi ameanza kujizoeza kufunga. Matone si yatamfunguza? Tungoje Idi?"

Wasingoje. Mtoto ambaye hajabaleghe saumu haijamwajibikia, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikatiza dawa yake. Ama kwa mtu mzima, wanazuoni wametofautiana juu ya matone ya sikio, na hapa pwani tuliosoma fiqhi ya Imamu Shafii tumezoea kujiepusha nayo mchana. Lakini dawa ya mara mbili kwa siku ina nafasi yake: baada ya futari na wakati wa daku. Kama daktari amesema ni zaidi ya mara mbili, muulize yeye na umuulize mwalimu wako wa dini, usijikatie mwenyewe.

Je, Hamisi alipona? Usaha ulikauka. Tundu la ngoma bado lipo, na amepangiwa kurudi kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usikivu wa kushoto haujarudi wote, na huenda usirudi wote. Miaka aliyokaa na usaha imemgharimu. Kilichobadilika haraka ni chuo. Ustadha alimtoa mlangoni akamweka mstari wa mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio lake la kulia ndilo lielekee kwa mwalimu. Akaacha kusoma huku ameupa ubao uso na watoto mgongo. Mvua ikinyesha, kusoma kwa sauti kunasimama, wanaandika. Na aya mpya anaisoma kwanza mbele ya Hamisi peke yake, uso kwa uso, kabla ya wote kuitikia. Mpaka kumi la kwanza la Ramadhani linaisha, alikuwa amehifadhi sura mbili.

Sasa kazi ya leo. Baada ya tarawehe, mfikirie mtoto mmoja unayemwita mzito. Je, anauliza "nini?" kila mara? Anaongeza sauti ya televisheni? Anakutazama mdomo? Anaandika vizuri akiona na vibaya akisikia? Sikio linatoa usaha au lina harufu? Basi mpime kwa mnong'ono, na mpeleke. Na ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali na kuumwa kichwa, kizunguzungu, au uso kupinda upande mmoja, usingoje asubuhi. Nenda usiku huohuo.

Walimu wenzangu, bakora haizibui sikio. Kabla ya kumhamishia mtoto mkeka wa nyuma, mlete kwanza mbele.

Ewe Mola, tupe macho ya kuwaona watoto wetu, na uwaponye wanaougua. Amin. Mfikishie ujumbe huu mwalimu wa chuo cha mwanao. Tukutane kesho inshaallah, Ramadhani Karim.