Dirisha la Kusukuma Linapokwama
Kijitabu cha elimu kwa wenye nyumba na wapangaji

Dirisha la alumini la kusukuma, ambalo siku hizi limeshika mahali pa madirisha ya mbao katika nyumba nyingi za Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, halina bawaba. Uzito wa kila bawa, yaani kioo pamoja na fremu yake inayokwenda, huketi juu ya magurudumu mawili madogo yaliyofichwa katika upande wake wa chini, ambayo mafundi na wauza vifaa huyaita rola, nayo hutembea juu ya ukingo mwembamba wa reli. Bawa linapokuwa zito kuliko lilivyokuwa, au linapokwama katikati ya njia, sababu yake aghalabu ni mojawapo ya mbili: ama reli imejaa taka, ama magurudumu yamelika. Maradhi haya mawili hufanana sana kwa anayevuta dirisha, walakini dawa zake ni mbalimbali, na ndiyo maana tunamwomba msomaji asiguse mafuta wala bisibisi kabla ya kupambanua ni lipi kati ya hayo limempata.

Yafaa kwanza kujua mzigo wenyewe. Kioo chenye unene wa milimita 5 kina uzito wa kilo 12 na nusu kwa kila mita mraba. Dirisha la upana wa mita 1 na nusu na urefu wa mita 1.2, ambalo ni la kawaida katika vyumba vya kulala, lina mabawa mawili, na kioo cha kila bawa ni kama sentimita 70 kwa 110. Hesabu yake ni kilo 9 na nusu hivi, na ukiongeza alumini, bawa zima huwa na kilo 12 au 13. Basi kila gurudumu, ambalo aghalabu ni la nailoni na upana wake haupiti ule wa sarafu, huchukua kilo 6 mchana na usiku, hata dirisha likiwa limetulia. Gurudumu lililo zima halioni taabu kwa mzigo huo, ila likizuiliwa na mchanga huacha kuzunguka na kuanza kuburuzwa, na likiburuzwa hulika upande mmoja hata likawa bapa. Kwa njia hiyo taka iliyoachwa muda mrefu huzaa ule ugonjwa wa pili.

Taka za reli

Taka za mwambao si vumbi tupu. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, upepo huingiza mchanga laini na vumbi la barabara. Humo huchanganyika chumvi ya bahari, nywele, mabawa ya wadudu wanaofuata taa, na nyuzi za manyoya yale yaliyopachikwa pembeni mwa bawa ili kuzuia upepo. Vitu hivi vikiwa vikavu hufagika kwa urahisi. Masika yakiingia, maji ya mvua huvigeuza tope, na tope likikauka tena huwa gumu kama udongo wa ukutani, likajaza mfereji wa reli na kuziba matundu madogo yaliyotobolewa chini ya fremu ili maji yapate njia ya kutoka nje. Matundu hayo yakizibwa, mvua hujaa ndani ya reli hata ikafurika juu ya ukingo na kushuka ukutani, nao wenye nyumba hudhani kwamba dirisha lilipachikwa vibaya au raba zimeoza, ilhali kinachohitajiwa ni kipande cha waya na dakika chache za kazi.

Anza kwa kuondoa taka zikiwa kavu, maana ukitia maji kwanza utafanya tope lile lile. Tumia brashi ndogo, au mswaki uliokwisha kazi, pamoja na kijiti cha mbao au cha mwanzi cha kukwangulia pembe, na kama una mashine ya kufyonza vumbi, ipitishe baada ya brashi. Usikwangue kwa kisu, wala usisugue kwa nyuzi za chuma, kwa kuwa huharibu ngozi ya juu inayolinda alumini, na chembe za chuma zinazobaki hushika kutu upesi katika hewa ya chumvi. Maji ya betri na dawa kali za vyoo vilevile si za kazi hii, kwa kuwa huila alumini yenyewe. Baada ya kukwangua, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, zibua matundu kwa waya mwembamba, kisha mimina kikombe kimoja cha maji katika reli na utazame upande wa nje: maji yakitoka na kuisha mferejini, njia ni wazi, yakisimama, bado pana kizuizi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Wakiona bawa zito, humimina mafuta ya kupikia au hupaka grisi katika reli, nalo bawa huteleza kweli kwa siku kadhaa, wakafurahi. Lakini mafuta hayo hukamata kila chembe ya vumbi inayopita, na baada ya muda si mrefu hugeuka kuwa uji mweusi wa mchanga unaosaga nailoni na alumini pamoja. Reli iliyo safi na kavu haihitaji mafuta. Mwenye kutaka kuilainisha zaidi na atumie dawa ya kupuliza ya silikoni, ile inayokauka, aipulize katika kitambaa kwanza na kufuta ukingo wa reli kwayo. Au asugue ukingo huo kwa kipande cha mshumaa.

Kupambanua ugonjwa

Reli ikiisha kusafishwa na kukauka, ndipo bawa lijaribiwe. Mara likienda sawasawa, shauri limekwisha. Likibaki zito, lishike kwa mikono miwili pande zote, liinue kidogo tu, kiasi cha kulipunguzia uzito, na mtu mwingine alisukume. Ikiwa linapoinuliwa huteleza na linapoachwa hukwama, basi kasoro imo katika magurudumu. Ikiwa hukwama mahali pale pale kila mara, kisha huendelea vizuri, pitisha kidole juu ya ukingo wa reli mahali hapo. Yamkini utakuta umebonyea au umepinda kwa kukanyagwa na mtu aliyepanda dirishani kutundika pazia.

Zipo alama nyingine zinazotoa ushahidi. Unga wa kijivu cheusi juu ya reli, pamoja na mstari unaong'aa kama uliopigwa tupa, huonyesha kwamba alumini inaburuzwa juu ya alumini, yaani gurudumu limelika hata bawa limekaa chini. Mwanya kati ya bawa na fremu ya pembeni ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, bawa limelala upande mmoja, na gurudumu la upande ulioshuka ndilo lenye hatia. Fauka ya hayo, komeo linaloacha kukutana na mahali pake kwa sababu limeshuka milimita mbili tatu halipasi kutiwa tupa. Bawa likirudi kimo chake, komeo nalo litakutana.

Mfano wa kazi moja

Tuchukue dirisha lile tulilolipigia hesabu, liwe katika nyumba ya chini huko Tanga, linatazama bahari, na bawa lake la ndani huvutwa kwa mikono miwili. Mwenye nyumba amesafisha reli, maji yanatoka nje kama ipasavyo, walakini bawa lingali zito na chini linakwaruza. Hatua ya kwanza si kulitoa. Chini kabisa ya ubavu wa bawa, kwenye ukingo wake, aghalabu pana tundu lililofunikwa kwa kizibo cha plastiki, na ndani yake mna skrubu ya kupandishia na kushushia gurudumu. Weka kabari nyembamba ya mbao chini ya bawa ili kuuondoa uzito, kisha uzungushe skrubu nusu duara na kutazama bawa linapanda au linashuka, kwa maana madirisha hayafanani yote katika hili. Katika mfano wetu skrubu imeshikwa na chumvi, na ya upande wa pili inazunguka bila bawa kuinuka. Hii ni dalili ya kutosha kwamba magurudumu hayana budi kutolewa.

Bawa hutolewa na watu wawili, wenye viatu na glovu. Tazama kwanza juu, ndani ya mfereji wa fremu, kama pana vipande vya plastiki vilivyofungwa kuzuia wezi wasiliinue bawa; vikiwapo, vifunguliwe. Kisha bawa la ndani, ambalo ndilo litokalo kwanza, huinuliwa wima hata kichwa chake kiingie ndani zaidi ya mfereji wa juu, na chini yake ikiisha kuruka reli, huvutwa kuelekea chumbani. Katika nyumba zenye grili upande wa ndani bawa haliwezi kutoka kwa njia hiyo, na katika ghorofa kazi hii tunaikataza kwa asiye fundi, kwa sababu kilo 13 za kioo na alumini zikiponyoka nje humwangukia apitaye njiani.

Bawa likilazwa juu ya blanketi, magurudumu huonekana. Katika mfano wetu moja limekuwa bapa, na la pili nailoni yake ni nzima lakini beringi yake ya chuma imeshika kutu na haizunguki. Hapa yabadilishwe yote mawili, hata kama moja lingeweza kuponywa kwa tone la mafuta ya cherehani katika mhimili wake. Gurudumu jipya likikaa na kuukuu, bawa hulala upande. Usiende dukani na vipimo vya kukumbuka kichwani. Fungua skrubu, chomoa gurudumu pamoja na nyumba yake, ulichukue mkononi na kulilinganisha: upana wa nyumba, kimo chake, mahali pa skrubu, na umbo la mfuo wa gurudumu, kwa maana mfuo usiolingana na ukingo wa reli huruka njia au hukata reli. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, omba rola ambazo beringi zake ni za chuma kisichoshika kutu, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi.

Kabla ya kurudisha bawa, pitisha kidole tena juu ya ukingo wa reli. Palipo na meno madogo, yalainishwe kwa msasa laini na unga wake ufutwe wote. Palipolika hata pakawa bapa, gurudumu jipya halitadumu, na fundi wa alumini anaweza kuvika ukingo huo kifuniko chembamba cha chuma kisichoshika kutu. Bawa likirudi mahali pake, skrubu zizungushwe kwa zamu, nusu duara huku na nusu duara huko, hata mwanya wa pembeni uwe sawa juu na chini na komeo liingie bila kusukumwa.

Hutokea, hata hivyo, kwamba reli ni safi, rola ni mpya, na bawa bado linabanwa. Pima basi kimo cha uwazi wa fremu kushoto, kulia na katikati. Kipimo cha katikati kikipungua kuliko vya pembeni, boriti ya juu imeshuka au saruji iliyojazwa juu ya fremu inaikandamiza, na mahali pa kuanzia kazi ni ukutani. Hapo aitwe mwashi kwanza, na fundi wa alumini baadaye. Wala skrubu za rola zisishushwe ili bawa lipate nafasi, kwa sababu litaanza kuburuzika chini huku ukuta ukiendelea kulikandamiza juu.