Tafsiri ya Ujumbe Mfupi wa Dereva: Tatizo la Mahali na Maneno Yaliyodondoshwa

Makala haya yanachunguza ugumu unaomkabili mfasiri anapohamishia katika Kiingereza ujumbe wa simu wa dereva wa mizigo jijini Dar es Salaam. Katika mfano uliobuniwa kwa ajili ya ufafanuzi, dereva anampelekea samaki wenye barafu mpokeaji asiyejua Kiswahili. Anaandika:

"npo ubungo mataa foleni mbz ntafka sa 8"

Irabu zilizodondoshwa si tatizo kubwa. Viambishi vya kitenzi cha Kiswahili hufuatana kwa utaratibu, hivyo "ntafka" husomeka nitafika bila shaka. Neno lililokosekana kabla ya "foleni", liwe kuna au nimekwama kwenye, nalo halimdhuru mpokeaji. "Sa 8" inahitaji uangalifu zaidi, kwani saa nane ya mchana ni saa mbili katika hesabu ya Kiingereza. Anayenakili tarakimu ilivyo atamfanya mpokeaji asubiri hadi usiku. "Mataa" nayo isichukuliwe kuwa taa tu. Makutano ya Ubungo yana barabara za juu tangu 2021, lakini hapa neno ni sehemu ya jina la mahali.

Tatizo lenyewe limo katika "mbz". Ziko Mbezi mbili: Mbezi Beach upande wa Barabara ya Bagamoyo, na Mbezi Luis kwenye Barabara ya Morogoro. Ubungo haiamui, kwa sababu hapo dereva anaweza kushika Barabara ya Sam Nujoma kupitia Mwenge, au kunyoosha kuelekea Kimara. Mfasiri aandike "Mbezi" bila nyongeza, kisha aitazame hati ya mzigo. Tuseme hati inataja Mbezi Beach. Baadaye unafika ujumbe wa pili:

"nmepta kimara nafka hapo dk 20"

Hapa "hapo" ndilo neno zito. Kionyeshi hiki huelekeza karibu na msikilizaji, kwa hiyo dereva anaamini kwamba anakwenda alipo mpokeaji. Kikifasiriwa kana kwamba ni "hapa", mpokeaji atadhani gari limekwisha kufika, naye atatoka kufungua lango bure. Kosa hilo huchochewa na "nafka": kiambishi -na- hutumika pia kwa tendo lililo karibu kutukia, na ni "dk 20" pekee inayoonyesha kwamba safari bado inaendelea.

Lakini Kimara iko kwenye Barabara ya Morogoro. Dereva anaelekea Mbezi Luis, na barafu inayeyuka. Mfasiri hana ruhusa ya kumrekebisha dereva ndani ya tafsiri, kwa mfano kwa kuiacha Kimara ili maneno yakubaliane na hati. Atafsiri kilichoandikwa, dakika ishirini zikiwemo, kisha aongeze nje ya matini, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba njia iliyotajwa hailingani na hati na kwamba dereva apigiwe simu mara moja.