Kushikamana si kuganda: vitenzi viwili, dawa mbili

Tukimsikiliza mgonjwa aliyetoka hospitalini baada ya mshtuko wa moyo, atasema: damu iliganda. Mgonjwa mwingine, ambaye mguu wake ulivimba baada ya kulala kitandani majuma kadhaa, atasema vilevile: damu iliganda. Wote wawili watasema kwamba wamepewa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Nilipoanza kukusanya maneno ya tiba kwa ajili ya somo la istilahi, sentensi hizi mbili ndizo zilizonisumbua kuliko zote. Kisarufi hazina kosa. Lakini kitenzi kimoja kimebebeshwa mambo mawili, na kila jambo lina dawa yake.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoweza kugawana mzigo huo. Kuna *kuganda*, yaani kitu cha majimaji kuwa kigumu, kama mafuta ya mawese asubuhi ya baridi. Na kuna *kushikamana*, chenye kiambishi -man- tunachokiona pia katika fungamana na ungamana: vitu vingi, kila kimoja kikishika kingine. Damu hufanya yote mawili. Swali ni lipi linatangulia, na wapi.

Tuanze na ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo. Humo damu hupita kwa kasi na kwa shinikizo kubwa. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya katika ukuta wake, hadi siku moja utando unaoyafunika hupasuka na nyuzi za kolajeni zilizokuwa zimefichwa hubaki wazi. Hapo ndipo zinapoingia chembe sahani, zile ambazo wenzetu wa kitivo cha tiba huziita plaketi. Ni vipande vidogo vya seli, havina kiini, na huishi kati ya siku 7 na 10 tu. Zikigusa kolajeni hunasa, kisha hutoa ishara za kuziita nyingine. Ishara moja ni tromboksani A2, inayotengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho siklooksijenasi. Nyingine ni ADP, inayotoka katika vifuko vilivyo ndani ya chembe sahani na kugonga kipokezi cha jirani kinachoitwa P2Y12. Kila anayeitwa naye huita. Donge linalotokea lina rangi nyeupe kwa sababu limejaa chembe sahani. Hizi zimeshikamana.

Katika vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, mambo ni mengine. Damu huenda polepole, na mtu akilala muda mrefu bila kutembea, misuli ya mguu haiisukumi. Mara nyingi ukuta wa mshipa haukupasuka popote. Protini za ugandishaji zilizo katika maji ya damu huamshana moja baada ya nyingine, na mwisho hutoa nyuzi za fibrini, ambazo hunasa chembe nyekundu kama wavu. Donge hili ni jekundu. Hii imeganda.

Sasa tuchukue nyumba moja ya kubuni. Kaka, miaka 58, amepata mshtuko wa moyo na anatumia aspirini miligramu 100 na klopidogreli miligramu 75 kila siku. Dada yake amevunjika mguu, amelala majuma matatu, na sasa pigo la mguu limevimba, lina joto na linauma. Anamwambia: «Yaya, hata miye damu iliganda. Unigawie ile dawa.» Kaka ana upendo, vidonge vipo, na lugha imewaambia kwamba ugonjwa ni mmoja.

Tuone vidonge hivyo vinafanya nini. Aspirini huingia ndani ya siklooksijenasi na kubandika kipande chake humo, moja kwa moja, kisichobanduka. Seli yenye kiini ingetengeneza kimeng'enya kipya. Chembe sahani haiwezi. Inabaki bila tromboksani hadi kufa kwake. Ndiyo maana dozi ndogo mara moja kwa siku inatosha, ingawa aspirini yenyewe hukaa katika damu muda mfupi sana. Kila siku mwili huleta karibu sehemu moja ya kumi ya chembe sahani mpya, kwa hiyo aliyeacha dawa jana bado hajarudi alipokuwa. Klopidogreli huziba mlango wa pili, P2Y12, nayo kwa kudumu, ila kwanza lazima igeuzwe na ini. Kuna watu ambao kwa kurithi ini lao huigeuza kidogo, na kwao kinga inapungua.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayogusa fibrini. Dada anahitaji heparini, kisha warfarini au dawa nyingine ya kundi hilo, zinazozuia protini za ugandishaji. Akimeza vidonge vya kaka atapata msaada mdogo sana, na hatari ya kutokwa damu itaongezeka. Wakati huo donge la mguuni linaendelea kukua. Kipande kikikatika kitapanda hadi upande wa kulia wa moyo na kusukumwa mapafuni. Pumzi ikikata ghafla, au kifua kikichoma kila anapovuta hewa, hilo ni jambo la kukimbiza hospitalini saa hiyohiyo.

Kaka naye anapoteza vidonge vyake. Ikiwa amewekewa stenti, kile kibomba cha waya kinachotanua ateri ya moyo, kupunguza dozi bila ruhusa ya munganga kunaweza kuiziba. Na kuna mtego mwingine: akiumwa na kichwa akameza ibuprofeni kabla ya aspirini, ibuprofeni hukaa katika njia ileile ya siklooksijenasi. Aspirini inakuta mlango una mtu, inazunguka bila kazi, inaondoka. Ibuprofeni ikiondoka baadaye, kimeng'enya kiko huru. Kwa hiyo aspirini ya kawaida hutangulia angalau nusu saa.

Neno «nyepesi» nalo lina kasoro yake. Dawa hizi hazibadili uzito wala umajimaji wa damu hata kidogo. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu akiambiwa damu yake itafanywa nyepesi, ana sababu ya kuogopa na kuviacha. Ningependelea «dawa ya kuzuia kushikamana» kwa aspirini na klopidogreli, na «dawa ya kuzuia kuganda» kwa heparini na warfarini. (Kwamba *kidonge* ni udogo wa *donge* ni mchezo wa lugha tu, sijaona namna ya kuuepuka.)

Mpaka huu hauko wazi kila mahali. Donge la ateri nalo lina fibrini, na katika siku za kwanza za mshtuko wa moyo waganga huongeza heparini juu ya aspirini. Pia jina la mshipa halitoshi kutuongoza. Mgonjwa ambaye chumba cha juu cha moyo wake kinatetemeka badala ya kupiga sawasawa huweza kupata kiharusi: ateri ya ubongo imezibwa. Tungetarajia aspirini. Lakini donge lile halikuzaliwa katika ateri ile. Lilizaliwa katika kipembe cha chumba cha kushoto cha moyo, mahali ambapo damu ilikuwa imetulia kama katika vena, kisha likasafiri. Liliganda kwanza, na dawa yake ni ya kundi la warfarini.