Mapambo ya Krismasi: lini kuyaweka, lini kuyaondoa

Hapa Uingereza hakuna sheria inayokulazimisha kupamba nyumba, wala inayotaja siku ya kuanza. Ipo desturi tu. Nyumba nyingi hupambwa kuanzia Desemba mosi au wikiendi yoyote inayofuata. Kama familia yenu haisherehekei Krismasi, dirisha lisilo na taa halimkosei jirani.

Siku ya kuondoa ndiyo hutajwa zaidi. Wengi huyashusha mapambo ifikapo tarehe 5 au 6 Januari, na wazee husema kuyaacha zaidi ya hapo huleta bahati mbaya. Tarehe ni mbili kwa sababu ya hesabu: ukianza kuhesabu siku 12 kwa Krismasi yenyewe, unaishia tarehe 5, ukianza siku inayofuata, unaishia tarehe 6. Kwa hiyo usishangae majirani wawili wakikupa majibu tofauti.

Kama mnanunua mti halisi, hesabuni pia uhai wake. Mti uliokatwa hukaa vizuri wiki tatu hadi nne ukipata maji kila siku na ukiwa mbali na hita. Kabla ya kuusimamisha, kata kipande cha sentimita 2 hivi chini ya shina ili unywe maji. Pitisha mkono kwenye tawi: majani yakipukutika kwa wingi, mti umekauka na unashika moto upesi. Uondoeni hata kama tarehe haijafika.

Tuchukue mfano wa Desemba 2026, ambapo Krismasi ni Ijumaa. Mama anafanya kazi usiku katikati ya wiki na watoto wana shule. Wakiweka mti Jumamosi tarehe 12, wote wako nyumbani kusaidiana. Tarehe 5 Januari ni Jumanne, siku ya kazi, kwa hiyo wanaushusha Jumapili tarehe 3. Mti umekaa siku 22, bado haujakauka, na desturi imetimizwa.

Kabla ya kuchagua siku ya kuushusha, angalieni tangazo la halmashauri ya eneo lenu. Nyingi hukusanya miti mwezi Januari kwa siku maalumu, au hutaja mahali pa kuipeleka. Vueni taa, mapambo yote na kile kishikio cha chini, la sivyo mti unaweza kuachwa mlangoni. Msiutupe kando ya barabara, maana hilo lina faini.

Kwa majirani, mambo mawili yanatosha. Zimeni taa za nje mnapokwenda kulala, hasa zile zinazomulika na kuzima zikielekea dirisha la mtu mwingine. Na mkiishi ghorofani, msiweke chochote kwenye korido au ngazi za pamoja, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya watu wote kutokea moto ukizuka.