Kuzungusha Logi za Kompyuta ili Diski Isijae

Nahodha wa meli huandika katika batli kila jambo linalotokea safarini: saa ya kung'oa nanga, mwelekeo wa upepo, hitilafu ya mtambo. Kompyuta inayohudumia watu wengi, yaani seva, nayo ina batli yake. Kila ombi linalopokelewa na kila kosa linalotokea huandikwa mstari mmoja katika faili maalumu ambalo mafundi huliita logi. Tofauti ni kwamba nahodha huona kurasa zikikaribia kwisha, akaagiza daftari jipya. Seva haioni. Huendelea kuandika hadi diski ijae, na diski ikijaa, kazi nyingine nyingi husimama pamoja na uandishi huo.

Makala haya yanaeleza jinsi programu iitwayo `logrotate`, inayotumika katika mfumo wa Linux, inavyozuia jambo hilo, na jinsi ya kuamua logi zitunzwe kwa muda gani.

1. Hesabu ya kujaa

Na ichukuliwe shule ya sekondari yenye wanafunzi 800 na seva moja inayotoa masomo kwa programu ya `nginx`. Kila mwanafunzi hufungua kurasa 50 kwa siku. Ukurasa mmoja una maandishi, picha na vipande vingine, hivyo huzaa maombi 25 hivi. Idadi ya mistari ya logi kwa siku ni:

800 × 50 × 25 = 1,000,000

Mstari mmoja ukiwa na baiti 200, logi hukua kwa megabaiti 200 kila siku. Diski ya seva ni ya gigabaiti 40, na mfumo pamoja na masomo vimechukua 10. Zimebaki gigabaiti 30, yaani megabaiti 30,000. Ukigawanya kwa 200, jibu ni siku 150. Seva iliyowashwa mwanzoni mwa Januari itajaa mwishoni mwa Mei, wakati wanafunzi wanapowasilisha kazi zao za muhula.

Kwa kawaida `nginx` ikiwekwa kwa furushi la mfumo wenyewe, kanuni za kuzungusha logi zake huja pamoja nayo. Katika shule hii fundi aliitengeneza kwa mkono kutoka katika msimbo wake, akaielekeza iandike katika `/var/log/nginx`. Kanuni hazikuwekwa, na kwa miezi mitano hapakuwa na dalili yoyote ya kasoro.

2. Faili lililofutwa lisilotoweka

Siku diski ilipojaa, fundi aliliona faili `access.log` lenye gigabaiti 30, akalifuta kwa amri ya `rm`. Jina la faili likatoweka, lakini diski ikabaki imejaa vilevile. Jambo hili huwashangaza wengi, na ndilo ufunguo wa kuelewa somo zima.

Katika Linux, jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Jina ni kibandiko tu, kinachoelekeza kwenye nambari ya ndani, na nambari hiyo ndiyo inayomiliki nafasi katika diski. Programu hutumia jina mara moja tu, wakati wa kulifungua faili. Baada ya hapo hulishika faili lenyewe, si jina. Kwa hiyo kibandiko kikiondolewa, `nginx` haina habari. Inaendelea kuandika katika faili lisilo na jina. Nafasi hairudi mpaka programu iliachie faili hilo.

Hali hii hutambulika kwa kulinganisha amri mbili. Amri ya `df -h` huuliza diski yenyewe imejaa kiasi gani, ilhali `du -sh /var/log` hujumlisha mafaili yenye majina. Ya kwanza ikisema diski imejaa na ya pili ikionyesha kidogo tu, huenda lipo faili lililofutwa ambalo bado limeshikwa. Amri ya `lsof +L1` huyataja mafaili ya namna hiyo pamoja na programu zinazoyashika.

Dawa ni kuiambia `nginx` ifungue logi upya. Programu hiyo hupokelea agizo hilo kwa ishara iitwayo `USR1`:

```
kill -USR1 $(cat /run/nginx.pid)
```

Hapo huliachia faili la zamani, huanza jipya, na gigabaiti 30 hurudi mara moja.

3. Namna logi inavyozungushwa

Kanuni ya `logrotate` imejengwa juu ya ukweli huo huo. Siku ya kuzungusha ikifika, faili `access.log` hubadilishwa jina kuwa `access.log.1`; lililokuwa `.1` huwa `.2`, na kadhalika. La mwisho kabisa hufutwa. Kisha faili jipya tupu huundwa, na programu huambiwa ianze kuliandikia. Maagizo ya shule hii yaliwekwa katika faili `/etc/logrotate.d/nginx`:

```
/var/log/nginx/*.log {
    daily
    rotate 14
    compress
    delaycompress
    missingok
    create 0640 www-data adm
    sharedscripts
    postrotate
        kill -USR1 $(cat /run/nginx.pid)
    endscript
}
```

Neno `daily` lina maana ya kila siku, na `rotate 14` ni idadi ya mafaili ya zamani yanayotunzwa. `compress` huagiza mafaili ya zamani yabanwe. `delaycompress` huliacha faili la jana bila kubanwa kwa mzunguko mmoja, kwa sababu `nginx` huenda bado inamalizia mistari yake ya mwisho humo.

Sehemu ya `postrotate` ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Ikikosekana, `nginx` huendelea kuandika katika faili lililobadilishwa jina. Dalili yake ni dhahiri: `access.log` lina baiti 0, huku `access.log.1` likizidi kukua.

Zipo programu zisizojua kufungua logi upya. Kwa hizo hutumika neno `copytruncate`: logi hunakiliwa, kisha faili la asili hufyekwa hadi sifuri likiwa bado mikononi mwa programu. Njia hii ina gharama mbili. Mistari inayoandikwa kati ya kunakili na kufyeka hupotea, na nakala huhitaji nafasi ambayo diski iliyokaribia kujaa haina.

Kabla ya kuamini maagizo, fundi huendesha `logrotate -d /etc/logrotate.conf`, ambayo hueleza yale yatakayofanyika bila kugusa faili lolote.

4. Kiasi cha nafasi kinachohitajika

Logi ni maandishi yanayojirudia, kwa hiyo hubanwa vizuri. Hapa imechukuliwa kwamba faili lililobanwa hubaki na sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Katika maagizo yaliyotajwa, logi ya leo hufikia megabaiti 200, ya jana ni 200, na 13 zilizobaki ni za megabaiti 20 kila moja:

200 + 200 + (13 × 20) = megabaiti 660

Sasa diski haijai tena baada ya siku 150, wala baada ya miaka 10, maadamu kila siku inafanana na jana.

5. Siku isiyofanana na jana

Na ichukuliwe kwamba kompyuta moja ya maabara imepata hitilafu, ikaanza kuomba ukurasa uleule mara 1,000 kwa sekunde. Logi sasa hukua kwa megabaiti 720 kwa saa, sawa na gigabaiti 17.28 kwa siku. Kwa kuwa `logrotate` huendeshwa mara moja tu kwa siku, na faili la jana halijabanwa, siku mbili huhitaji zaidi ya gigabaiti 34. Nafasi iliyopo ni 30. Diski hujaa siku ya pili.

Kinga yake ni kuongeza mstari `maxsize 500M`, unaoagiza logi izungushwe ikizidi megabaiti 500 hata kama siku haijaisha. Lakini mstari huo peke yake haufai kitu. `logrotate` haikai ikilinda. Huamka, hukagua, hulala tena. Ikiamka mara moja kwa siku, ukubwa pia hukaguliwa mara moja kwa siku. Kwa hiyo iamshwe kila saa, kwa mfano kwa mstari huu katika faili `/etc/cron.d/logrotate-kilasaa`:

```
0 * * * * root /usr/sbin/logrotate /etc/logrotate.conf
```

Logi nyingine hazitazungushwa kila saa, kwa kuwa `logrotate` huweka kumbukumbu ya tarehe ya mwisho ya kila faili.

Wakati wa mafuriko, nafasi itakayotumika ni 720 + 720 + (13 × 72), yaani megabaiti 2,376. Diski imeokoka. Hata hivyo imezuka hasara nyingine iliyojificha: `rotate 14` huhesabu mafaili, haihesabu siku. Logi ikizungushwa kila saa, mafaili 14 ni saa 14 tu. Hitilafu ikianza Ijumaa saa 12 jioni, ifikapo Jumamosi asubuhi kumbukumbu zote za majuma mawili yaliyotangulia zimefutwa ili kutoa nafasi kwa mistari ya ombi moja linalojirudia.

6. Kuchagua muda wa kutunza

Muda haupaswi kuchaguliwa kwa ukubwa wa diski, bali kwa maswali ambayo logi itaulizwa. Katika shule hii swali linalochelewa kuliko yote ni la mwanafunzi anayedai kwamba aliwasilisha kazi lakini haikupokelewa. Shule hukubali malalamiko kwa siku 60. Zikiongezwa siku 30 za uchunguzi, muda ni siku 90.

Kwa `rotate 90`, siku za kawaida huhitaji 400 + (89 × 20), yaani megabaiti 2,180. Mafuriko ya mwisho wa juma, kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi, ni saa 60. Hayo hula takriban mafaili 60, na mafaili kama 30 ya siku zilizotangulia hubaki. Hata mafuriko yakiendelea mpaka mafaili yote 90 yawe ya saa, nafasi haizidi gigabaiti 8.

Kwa nini basi zisitunzwe miaka mitano? Logi hueleza nani alisoma nini na saa ngapi. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019, hairuhusu taarifa za namna hiyo kutunzwa kupita muda unaohitajika kwa kusudi lake. Logi isiyo na swali la kujibu ni hatari bila faida.

Maswali ya kujipima

1. Seva ina logi inayokua kwa megabaiti 500 kwa siku. Kwa maagizo ya `rotate 30`, `compress` na `delaycompress`, na ubanaji wa sehemu moja ya kumi, itahitaji nafasi kiasi gani?
2. Amri ya `df` inaonyesha asilimia 100, na `du` inaonyesha gigabaiti 4 tu katika diski ya gigabaiti 40. Eleza sababu, na utaje amri ya kuithibitisha.
3. Shule ina `maxsize 500M` lakini `logrotate` huendeshwa saa 6 usiku tu. Mafuriko yakianza saa 1 usiku, kwa kasi iliyotajwa katika sehemu ya 5, logi itakuwa na ukubwa gani itakapokaguliwa?

Majibu: (1) 500 + 500 + (29 × 50) = megabaiti 2,450. (2) Faili lililofutwa bado limeshikwa na programu, `lsof +L1`. (3) Saa 5 × megabaiti 720 = megabaiti 3,600, mbali na zile zilizoandikwa mchana.